Kichwa cha Kupeleka Chilangala

Mimi huvuja jasho kama mtungi mpya. Nimezaliwa Makete, ambako mwezi wa sita umande huganda juu ya majani na mtu hufikiri mara mbili kabla ya kupunguza nywele. Huko kwetu sikujua kama nina tatizo. Nililijua siku serikali iliponipangia kazi ya ubwana shamba Masasi, nikashuka kwenye basi mwezi wa kumi na moja, na kabla sijapata wa kunionyesha ofisi shati lilikuwa limenigandia mgongoni.

Kazi yangu ni kuzunguka kwenye mikorosho ya watu. Leo Lupaso, kesho kwingine, juani toka asubuhi, na kuanzia vuli joto la huku si la jua peke yake. Linatoka ardhini na hewani, limebeba maji, na jasho likishatoka halina pa kwenda. Mwaka wa kwanza niliacha nywele kama za nyumbani. Ikifika saa nne zilikuwa zimelowa na kushikana mafungumafungu, na vumbi limekaa juu yake. Mwaka wa pili nikaenda upande wa pili kabisa, nikanyoa kipara kwa wembe. Nilipendeza siku tatu. Siku ya nne vipele vilitoka kisogoni, vigumu, vyenye usaha, na jasho likipita juu yake nilisikia kama nimepakwa pilipili. Tena kipara hakizuii kitu. Jasho lilitoka utosini likaingia machoni moja kwa moja, nikawa najaza fomu za wakulima huku nikidondoshea matone kwenye wino.

Nasema haya yote ili ieleweke kwamba niliposimama mbele ya ukoo wa mchumba wangu nikiwa na uso mweusi tii, sikuwa nimekwenda kichwa kichwa. Nilikuwa nimejiandaa.

Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Masasi, mzaliwa wa Chilangala, juu kwenye uwanda wa Newala. Aliniambia mapema, na kwa uwazi wake ule ambao mpaka leo unanitia adabu: kwao mtoto ni wa mjomba. Baba yake angenipokea vizuri, angenichinjia kuku, lakini neno lingetoka kwa kaka wa mama yake. Na mjomba huyo msimu wa korosho hakai nyumbani. Anayemtaka anamfuata shambani. Ukoo wao una kawaida yake: mgeni wa posa haketi kwanza, anaokota korosho kwanza.

"Ataniuliza nini?" nilimwuliza.

"Haulizi," alisema. "Anatazama."

Basi nikataka nitazamike. Karibu na stendi ya Masasi kulikuwa na saluni yenye muziki mkubwa na vioo pande zote. Kijana wa pale aliniona nywele zimeanza kurudi nyuma kwenye pembe za paji, akaniambia hilo dogo. Alininyoa pembeni mpaka ngozi, akachonga mstari wa mbele kwa wembe, kisha akachukua brashi ndogo na rangi nyeusi, akaniteremshia ukingo wa nywele vidole viwili chini ya ulipokuwa. Hakuiosha rangi ile. Aliipangusa tu kwa kitambaa kikavu. Nilijitazama kwenye kioo nikamwona kaka yangu mdogo, yule mzuri. Nilifurahi sana, sitaki kudanganya.

Kesho yake nilikuwa Chilangala na mchumba wangu, nimevaa shati jeupe. Nikampa mjomba shikamoo yake, akaitikia marahaba bila kunitazama sana, akanielekeza kwenye mikorosho. Niliokota tangu saa tatu. Unainama, unaokota bibo, lile tunda lenye korosho mkiani, unazungusha korosho mpaka ichomoke, unaitia ndooni, unasogea. Jua lilipofika utosini, bibi yake mchumba wangu, mama yake mjomba, aliniita nikae karibu na moto wake, maana alikuwa ananikaangia korosho za kula palepale shambani juu ya kipande cha bati. Kukaa karibu na moto ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Nikakaa.

Sasa, mtu wa huku akiona maji meusi yanateremka usoni mwa mtu aliye karibu na korosho zinazokaangwa, anajua jambo moja tu. Ganda la korosho lina mafuta. Likipata moto linaruka, na mafuta yake yakigusa ngozi yanaibabua. Hakuna mtoto wa uwandani asiyejua hilo. Mimi nilisikia tu kitu kinanitambaa shavuni, nikakipangusa, nikakisambaza.

"Mafuta!" bibi alipiga kelele. "Yamemrukia mtoto wa watu! Leteni maji!"

Walikuja wote. Mjomba mwenyewe alitupa ndoo yake akanishika kisogo kwa nguvu, akanimiminia maji kichwani huku akiniambia nifumbe macho, nisiyafumbue hata kidogo. Mtu mwingine akaleta sabuni. Nilijaribu kusema, lakini kila nikifungua mdomo povu linaingia. Walinisugua kwa huruma, kwa haraka, kwa upendo kabisa, na waliponipangusa kwa kanga ya bibi, wakaniinamia kutafuta kidonda. Hapakuwa na jeraha. Palikuwa na mstari mweusi uliokatikakatika, na juu yake ngozi tupu, na juu zaidi ndipo nywele zangu za kweli zilipoanzia. Kisogo changu, ambacho mjomba alikuwa bado amekishika, kilikuwa kimejaa vipele vipya.

Mchumba wangu alitazama chini. Bibi alijifunika mdomo kwa kanga, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mjomba hakucheka. Alitazama kiganja chake kilichokuwa cheusi, akanitazama mimi.

"Mwanangu," alisema, "hiki ndicho kichwa chako?"

Nikajipangusa povu masikioni.

"Nenda nyumbani kwa amani. Ukirudi kabla korosho hazijaisha, njoo na kichwa chako mwenyewe. Zikiisha, basi, usijisumbue tena."

Njiani mchumba wangu alitembea mbele yangu mpaka tukaiona Newala. Nilifikiri amekasirika. Kumbe alikuwa anafikiri. Aliniambia, "Wapo watu wawili hapa Newala. Nilisikia baba akiwasifia. Kesho usirudi Masasi."

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye kibanda kile. Hakikuwa na muziki. Kulikuwa na kiti kimoja cha kunyolea, kioo chenye ufa, benchi, na kwenye kona kiti cha mbao cha kuegemea alichokalia mzee mmoja, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Mkewe, mama wa makamo mwenye kilemba na aproni, alikuwa anasafisha mashine kwa brashi na spiriti. Mchumba wangu alinieleza baadaye: mzee ndiye aliyekuwa kinyozi, miaka mingi, mpaka kiharusi kilipouchukua mkono. Ulimi ulirudi, polepole. Mkono haukurudi. Basi mkewe akachukua mashine.

Niliwaamkia, nikaketi kwenye kiti, nikaanza kueleza shida yangu. Mama alinisikiliza, akatazama kisogo changu, kisha akamgeukia mzee. Mzee alitikisa kichwa.

"Mkavu," alisema.

"Baba watoto anasema umekuja mkavu," mama aliniambia. "Kwa kichwa kikavu hatuoni kitu. Nenda Shimo la Mungu, urudi. Usipumzike njiani. Usijipanguse."

Nilidhani ananitania. Ilikuwa saa sita. Mchumba wangu alinisukuma begani, nikaenda. Nilitembea mpaka Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika, chini kunaonekana bonde lote hadi Ruvuma, buluu juu ya buluu, nami nikiwa nanung'unika kwamba mtu mzima, mtumishi wa umma, natumwa kutoka jasho. Nikageuka nikarudi. Nilipoingia kibandani maji yalikuwa yananichuruzika mpaka kwenye mkanda.

Mama aliniketisha nikiwa nimeelekea mlangoni, kwenye mwanga, akauzungusha mgongo wa kiti kuelekea kona ya mzee. Hakunigusa. Nilisikia tu pumzi yangu. Kisha mzee akaanza kusema, neno moja, kituo, neno jingine.

"Kushoto. Nyuma ya sikio. Ndiko linakoanzia. Jasho lina nguvu."

"Nimeona," mama alisema.

"Utosini. Nywele zinazunguka. Mbili. Si moja. Huyu ana mizunguko miwili."

"Ya pili iko wapi?"

"Shuka. Kulia kidogo. Hapo."

Kidole cha mama kikanigusa mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kunigusa kwa makusudi, tangu mama yangu labda.

"Kisogoni. Zinaota kwenda pembeni. Waliozinyoa walipandisha mashine juu. Ndiyo maana. Unywele unakatwa chini ya ngozi. Ukirudi unajipinda. Unaingia ndani."

Nilipigwa na butwaa. Nimesoma chuo cha kilimo, najua kutazama jani nikakuambia mkorosho una ugonjwa gani, lakini katika maisha yangu sikuwahi kufikiri kwamba jasho la mtu lina mapito yake, kwamba lina vyanzo na njia kama maji ya mvua kwenye shamba, na kwamba mtu anaweza kukaa kwenye kiti cha mbao akayasoma. Nilihisi nywele za mikono zimenisimama, kwenye joto lile. Niliogopa kidogo. Nilitaka aendelee kusema.

Baada ya kuona walichotaka kuona, mama aliniosha kichwa kwa maji na sabuni, akanikausha kwa taulo, akaniambia nikae mlangoni upepo unipige mpaka nikauke sawasawa. Nywele mbichi, alisema, zinashikana, na mashine inazipita kwa uongo. Zikikauka unakuta zimesimama vichaka.

Alifunga kichana namba mbili kwenye mashine, akaanza juu yote. Sikuwa nimewahi kuona mashine ikienda hivyo. Kijana wa Masasi alikuwa anapandisha tu, kutoka kisogo mpaka paji. Mama alifuata nywele zinakolala. Kwenye mizunguko miwili ya utosini mkono wake ulikuwa unazunguka nayo, mdogo mdogo, na mzee kwenye kona akisema "rudi," na mama anarudi. Pembeni na kisogoni akaweka namba moja, inayokata fupi zaidi, akiteremsha mashine badala ya kuipandisha, na pale moja inapokutana na mbili akawa anainua mkono kidogo kidogo hadi mpaka wenyewe haukuonekana. Kila baada ya muda aliigusisha mashine kwenye ngozi ya ndani ya mkono wake. Ikiwa imepata moto aliiweka chini akachukua ya pili. "Ngozi ya jasho haipendi chuma cha moto," alisema.

"Na nyuma ya sikio la kushoto?" aliuliza.

"Usiguse moja. Acha mbili. Hapo patalishika jasho kabla halijafika kwenye kola."

Nikangoja wembe. Haukuja.

"Mama, hunichongi mbele?"

"Nichonge nini? Ukichongwa leo, siku ya tatu mstari una miba, siku ya tano hauko, na kila mtu anajua ulikuwapo. Usipokuwapo mstari, hakuna kinachoharibika." Alinipitisha kidole kwenye pembe za paji, pale nilipokuwa napaonea aibu. "Nywele zimeamua kurudi nyuma. Ziache zirudi kwa heshima."

Mzee alicheka, upande mmoja wa mdomo.

Waliniambia mambo mengine machache: nisipake mafuta ya mgando kichwani, yanaziba jasho na kukusanya vumbi, nikilowa nipanguse kwa kugandamiza kitambaa, nisisugue, jioni nioshe kwa maji, na kisogo niache kukikwaruza. Nirudi kila baada ya wiki mbili. Nilijitazama kwenye kioo chenye ufa. Sikuona mtu mzuri kama yule wa Masasi. Niliona mtu mwenye paji pana na kichwa kilichotulia, na nikaona haya kwamba nilitaka kukificha.

Sikwenda Chilangala siku ile. Mama alisema vipele vinataka siku kumi angalau bila wembe. Nilingoja nikihesabu korosho za watu wengine zinavyokwisha, kila shamba nililopita nikitazama juu kama bado kuna mabibo matawini. Nilipunguziwa mara moja nyingine, kwa mikono ileile na sauti ileile, kisha mwisho wa wiki tukapanda Chilangala, mimi na mchumba wangu.

Shamba la mjomba lilikuwa limebaki mikorosho michache ya mwisho, ile inayochelewa. Aliniitikia shikamoo, akanionyesha ndoo. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na jua lilifuata, joto linatoka ardhini kama chini ya kifuniko cha chungu. Nililowa nikiwa bado chini ya mkorosho wa kwanza. Nikalowa shati, nikalowa suruali mpaka magotini. Nilisikia jasho linaanza nyuma ya sikio la kushoto, palepale mzee aliposema, nikalisikia linasita. Sikuamini. Nilisimama katikati ya shamba nimeshika bibo, nikilifuata jasho langu mwenyewe kwa ndani, na kwa mara ya kwanza tangu nifike kusini sikulichukia.

Saa saba bibi aliniita motoni. Nikakaa palepale nilipokaa mara ya kwanza. Nikagandamiza kitambaa kichwani mara moja, nikakirudisha mfukoni. Mjomba alikuja akasimama juu yangu. Mchumba wangu alikuwa anakoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Bibi ndiye aliyenyoosha mkono. Alinipitisha kiganja kichwani kote, toka paji mpaka kisogo, akakitazama kiganja. Kilikuwa na maji tu. Akamwonyesha mjomba.

"Hiki ndicho?" mjomba aliuliza.

"Ndicho, mjomba. Hakuna kingine."

"Mara ile ulikuja nikakuosha wewe, nikabaki simjui niliyemwosha." Akachukua korosho moja kwenye bati, akaipiga kwa jiwe, akaipuliza, akanipa punje. "Nani kakunyoa?"

"Wale wawili wa Newala."

Alikubali kwa kichwa, akakaa chini kando yangu. Mjomba hakai na mtu asiyemtambua. Mchumba wangu alijua hilo kabla yangu, nikaona anafuta macho akisingizia moshi.

Tumeoana sasa miaka kadhaa. Kila wiki mbili, nilipokuwa napanda Newala kikazi, tulikuwa tunakwenda pamoja kibandani, mimi nakaa kwenye kiti, mke wangu kwenye benchi karibu na mzee, wakipiga soga. Nilidhani anamsikiliza kwa adabu tu.

Mwaka jana mzee alifariki. Kibanda kilifungwa, na sisi tulikwenda msibani kama watu wa nyumba ile. Mama alipofungua tena tulikuwa miongoni mwa wa kwanza. Nilikuwa nimeshatembea mpaka Shimo la Mungu na kurudi, kama kawaida, maji yananitoka. Mama alinigeuza mgongo kuelekea kona. Kiti cha mbao kilikuwa palepale, kimepanguswa. Aliniosha, akanikausha, akaniweka mlangoni, akapitisha namba mbili, akabadili akaweka namba moja. Mkono wake ulikuwa uleule. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto akasimama, na kwa sauti ya kila siku, bila kufikiri, akauliza:

"Na hapa, baba watoto?"

Mashine ilikuwa inanguruma hewani. Nilifumba macho. Nilimsikia mama anavuta pumzi, akitambua alichosema, nami sikujua nifanye nini na mikono yangu chini ya kitambaa.

Nikasikia benchi linalia. Mke wangu alikuwa ameinuka. Alitembea hadi kwenye kona, akakaa kwenye kiti cha mzee, akanitazama kisogo kwa muda.

"Usiguse moja, mama," alisema taratibu. "Acha mbili. Ndiko linakoanzia."

Mama akaivua namba moja, akairudisha mbili, akaendelea kunyoa.